Kidole kinachokataa kunyooka

Wasomaji wa ukurasa huu hunitumia picha nyingi kwenye simu. Upele wa mtoto, mguu uliovimba, jino lililotoboka. Nyingi najibu kwa utulivu, baada ya kazi, nikiwa nakunywa chai. Picha moja huniondoa kwenye kiti: kidole chekundu kilichovimba chote, kuanzia kwenye shina lake mpaka nchani, na kimekunjika kidogo kama kinachotaka kushika kitu. Ikija hiyo sijibu kwa maandishi, napiga simu. Swali langu la kwanza huwa hili: ukikishika ncha kwa mkono mwingine na kukinyoosha taratibu, unasikia nini?

Akijibu kwamba anaruka kwa maumivu, namwambia aende imajensi sasa hivi, hata kama ni saa tano ya usiku. Watu wengi hushangaa. Kidole tu? Nyumbani tumekua tukiona mdudu wa kidole. Bibi anatoboa ndimu, anaipasha moto kidogo, anakuvisha kama kofia, na baada ya siku mbili tatu usaha unatoka, kidole kinapona. Ni kweli mdudu wa kawaida, ule unaokaa pembeni ya ukucha, mara nyingi hupona kwa namna kama hiyo, au kwa kulowekwa kwenye maji ya moto na kupasuliwa kidogo. Hiki ninachokisema leo ni kitu kingine, kilichokaa mahali pengine kabisa ndani ya kidole, na ndimu haikifikii.

Tuanze na mahali penyewe, kwa sababu ukishapaelewa mengine yote yanafuata. Kidole hakina msuli wa kukikunja. Misuli ya kazi hiyo iko mbele ya mkono, chini ya kiwiko, na inavuta vidole kwa kamba ngumu nyeupe zinazoitwa kano. Umeziona kwenye mguu wa kuku: ukivuta ile kamba, vidole vya kuku vinajikunja. Kwetu ni hivyo hivyo. Kila kidole kina kano zake upande wa kiganja, na kano hizo hupita ndani ya mfereji mwembamba uliofungwa pande zote, kama kisu ndani ya ala yake. Nitaendelea kuuita ala. Ndani yake mna majimaji kidogo ya kulainisha, ili kano iteleze mara elfu kwa siku bila kukwaruza.

Ala hiyo iko karibu sana na ngozi, hasa kwenye mikunjo ya kidole, ile mistari unayoiona ukifungua kiganja. Pale hakuna nyama ya kuikinga. Mwiba, mfupa wa samaki, sindano, jino la paka au kipande cha waya kikiingia kwenye mkunjo, hakihitaji kwenda mbali kuifikia. Vijidudu vikishaingia humo vimepata nyumba nzuri: joto, majimaji, na askari wa mwili wachache, maana damu inayofika ndani ya ala ni kidogo. Vinaongezeka, usaha unajaa, na ala haitanuki kama puto. Presha inapanda. Mishipa midogo inayoilisha kano inabanwa, na kano inaanza kukosa chakula na hewa. Kano iliyokufa haioti tena. Ikipona na makovu inagandamana na ala yake, na kidole kinabaki kama kijiti.

Ndiyo maana tunahesabu saa. Mgonjwa aliyefika ndani ya siku ya kwanza mara nyingine anaweza kutibiwa kwa dawa za mshipani tu, huku madaktari wakimkagua kila baada ya saa chache. Aliyefika siku ya tatu karibu kila mara anaingia chumba cha upasuaji. Aliyefika baada ya wiki huenda akaambiwa maneno asiyotaka kuyasikia.

Sasa nisimulie kisa kimoja. Ni cha hapa Vickery Meadow, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili mwenyewe asitambulike.

Mama huyu ametoka Uvira, anaishi kwenye apatimenti si mbali na Five Points, na anafanya usafi wa vyumba hotelini. Jumamosi jioni alikuwa akisafisha sato kwa ajili ya wageni. Pezi la mgongoni likamchoma kidole cha kati cha mkono wa kulia, kwenye mkunjo wa katikati. Damu tone moja. Alisuuza, akaendelea na samaki wake. Jumapili kanisani kidole kilikuwa kinamwasha, usiku kikaanza kupwita. Jumatatu alienda kazini kwa sababu kukosa siku ni kukosa pesa, na mchana hakuweza tena kukamua kitambaa. Jioni ile jirani alimtengenezea ndimu. Jumanne alienda kliniki ndogo ya kando ya maduka. Walimwangalia haraka, wakamwandikia vidonge vya antibayotiki, wakamwambia arudi baada ya siku tatu kama hajapata nafuu.

Hapo inafaa tusimame kidogo. Vidonge vile si sumu, na kwa kidole chenye uvimbe wa ngozi tu vingetosha. Kwenye ala ni tofauti, kwa sababu dawa husafiri ndani ya damu, na damu ndiyo hasa inayozuiwa na ile presha. Vidonge vinaweza kupunguza homa na wekundu wa juu huku ndani kano inaendelea kuoza. Mama yule alijisikia afadhali kidogo Jumanne usiku, akafikiri dawa imeanza kazi. Jumatano alfajiri hakuweza kukigusa kidole hata kwa shuka.

Binti yake ndiye aliyenitumia picha. Nikapiga simu, nikamsikia mama mwenyewe nyuma: “Mwanangu, hii kidole iko nauma mpaka ku roho.” Nilimwuliza mambo manne, na haya manne nataka uyaelewe vizuri, maana si yangu. Yaliandikwa na daktari mpasuaji wa Chicago aliyeitwa Allen Kanavel, ambaye kitabu chake kuhusu maambukizi ya mkono kilitoka mwaka 1912, zamani kabla ya penisilini. Wakati ule aliyekosea kusoma kidole angeweza kupoteza mgonjwa, hivyo Kanavel alijifunza kuusoma mkono kwa macho na vidole vyake tu. Mpaka leo, pamoja na mashine zote tulizo nazo, daktari wa mkono anaingia chumbani akiwa na dalili za Kanavel kichwani.

Ya kwanza ni jinsi kidole kinavyokaa. Kinajikunja kidogo chenyewe, kwa sababu pale ndipo ala inapopata nafasi zaidi na maumivu kupungua. Weka mkono mezani, kiganja juu, ulegeze. Kidole kigonjwa kitakuwa kimepinda kuliko majirani zake. Ya pili ni umbo la uvimbe. Mdudu wa ukucha huvimbisha ncha, jipu huvimbisha sehemu moja, lakini ala ikijaa kidole chote kinanenepa sawasawa kama soseji. Ya tatu ni mahali panapouma ukibonyeza. Bonyeza polepole kwa ncha ya kalamu upande wa kiganja, kuanzia nchani kushuka mpaka kwenye mstari wa kiganjani ulio chini ya vidole. Kama maumivu yanafuata njia hiyo ya kano moja kwa moja, na pembeni au mgongoni mwa kidole hayapo sana, ala inasema. Ya nne ndiyo niliyoanza nayo: mtu mwingine akikinyoosha kidole, hata kwa upole, maumivu yanakuwa makali kupita kiasi. Hii mara nyingi ndiyo inayotangulia nyingine zote kuonekana, kwa hiyo ndiyo ninayoiamini zaidi saa za mwanzo. Usikilazimishe. Ukisikia kinakataa, jibu umeshalipata.

Mama yule alikuwa nazo zote nne. Lakini usisubiri zitimie. Wengi hufika na mbili au tatu, hasa siku ya kwanza, na mwenye kisukari aliyekufa ganzi vidoleni anaweza kuwa na usaha mwingi na maumivu kidogo. Homa nayo si kipimo. Nimewaona watu wenye ala iliyojaa usaha wakiwa na joto la kawaida kabisa.

Kuna watu watauliza kuhusu jongo, ile gauti, maana nayo huvimbisha kidole na kukifanya chekundu. Kweli, hufanana, na mara nyingine hata hospitali inabidi wavute majimaji kwa sindano wayaangalie. Ila hiyo ni kazi ya kufanyiwa hospitalini. Ukiwa nyumbani, chukulia kwamba ni ala mpaka daktari aseme sivyo.

Nilimwambia binti afanye mambo machache kabla ya kutoka. Pete ivuliwe mara moja, kwa sabuni au mafuta, maana baada ya saa mbili ingehitaji kukatwa. Mkono uinuliwe juu ya moyo, juu ya mto ndani ya gari. Mama asile wala kunywa chai njiani, kwa sababu huenda akapasuliwa siku hiyo hiyo na watu wa usingizi watauliza alikula lini. Vile vidonge aje navyo mkononi, na chupa ya dawa zake nyingine zote. Wachore mstari kwa kalamu pale wekundu unapoishia na waandike saa pembeni yake. Mstari ule ni ushahidi: wekundu ukivuka, hakuna atakayebisha kwamba unatembea.

Pale mapokezini ndipo watu wetu wengi wanapopoteza saa. Anafika, anaulizwa shida nini, anajibu “kidole kinauma”, anakaa masaa sita nyuma ya watu wenye vifua. Nesi hana kosa, ameandika alichoambiwa. Sema hivi, kwa mkalimani: kidole kimevimba chote, hakinyooki, kuna kitu kilinichoma siku fulani, naogopa ni maambukizi ya ala ya kano, naomba daktari wa mkono anione. Maneno hayo yanabadilisha foleni. Mkalimani wa Kiswahili ni haki yako bila malipo katika hospitali yoyote inayopokea fedha za serikali ya shirikisho, na ni karibu hospitali zote. Mara nyingi atakuja kwa simu au kwenye skrini. Usikubali mtoto wa miaka kumi akutafsirie mambo ya upasuaji. Na kama mkalimani anaongea Kiswahili cha Dar es Salaam nawe ni cha Uvira au Bukavu, mwambie apunguze mwendo, hakuna aibu.

Daktari atauliza kilichokuchoma, na hapa usifupishe. Mara nyingi kabisa wahusika ni stafilokoki na streptokoki, vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi zetu, na hapa Texas stafilokoki wengi wamezoea dawa za kawaida. Lakini jino la paka huleta kijidudu chake, ngumi iliyogonga meno ya mtu huleta vingine, na samaki vile vile. Mwaka 1995 na 1996 madaktari wa Toronto waliona wagonjwa walioambukizwa mikono baada ya kuchomwa wakiandaa samaki wabichi wa kufugwa, wengi wao wakiwa jamii ya sato. Kijidudu kilikuwa streptokoki wa samaki. Kwa hiyo “nilijichoma jikoni” haitoshi. Sema ni samaki, sema ni sato, sema alikuwa mzima au kipande. Kama uliumwa na mtu kwenye ugomvi, sema pia, daktari hakuiti polisi kwa sababu ya kutaka kuchagua dawa. Na kama hukumbuki kuchomwa na kitu, sema hivyo, maana mara chache vijidudu huja kwa njia ya damu kutoka mahali pengine mwilini.

Mama alifika saa tatu asubuhi. Walimpiga eksirei kuona kama kuna kipande cha pezi kimebaki ndani, wakamchukua damu, wakamchoma sindano ya pepopunda, wakamwekea dawa mshipani. Mchana aliingia upasuaji. Upasuaji wenyewe ni mdogo kwa macho. Wanapasua mahali pawili, kiganjani chini ya kidole na karibu na mkunjo wa mwisho, wanapitisha mrija mwembamba ndani ya ala na kuiosha kwa maji ya chumvi mpaka yatoke meupe. Usaha unapelekwa maabara ili dawa ichaguliwe vizuri. Wakati mwingine inabidi kuosha tena baada ya siku moja au mbili, jambo ambalo ndugu hudhani ni kosa la daktari, kumbe ni kawaida ya ugonjwa.

Kitu kimoja kilichotoka kwenye damu yake kilikuwa kipya kwake: sukari ilikuwa juu sana. Hakujua kwamba ana kisukari. Hapo nilikumbuka Dar es Salaam. Kati ya mwaka 1998 na 2002 madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Zulfiqarali Abbas, waliwafuatilia wagonjwa wa kisukari waliofika na mikono iliyooza kutokana na majeraha madogo, kama mkwaruzo au kuumwa na mdudu. Nigeria walikuwa wameshayaeleza mambo kama hayo katika miaka ya 1980. Wengine walipoteza vidole, wengine mkono, wengine maisha. Jeraha la mwanzo mara nyingi lilikuwa dogo mno, na kuchelewa kufika hospitali kulikuwa sehemu kubwa ya tatizo. Tumezoea kuambiwa mwenye kisukari achunge miguu. Mkono hatuutaji. Kwenye nyumba yenye mwenye kisukari mimi ningesema kidole kikivimba usihesabu siku, hesabu tangu asubuhi mpaka jioni.

Kidole gumba na kidole cha mwisho vinahitaji neno la pekee. Ala za vidole vitatu vya kati kwa kawaida huishia kiganjani. Ala ya kidole cha mwisho huungana na mfuko mkubwa unaoshuka mpaka kifundo cha mkono, na ya gumba vile vile kwa upande wake. Kwa watu wengi mifuko hiyo miwili inapakana au kuungana pale kifundoni. Ndiyo maana mtu anaweza kuchomwa kidole cha mwisho Jumatatu, na Jumatano gumba nalo limevimba na katikati pamepona kama kwamba ugonjwa umeruka. Haujaruka, umepita chini kama maji kwenye bomba lenye umbo la kwato ya farasi. Ukiona hivyo usingoje mtu akushauri.

Kuhusu gharama, maana najua swali hilo ndilo linalowaweka watu nyumbani na ndimu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inailazimu imajensi ya hospitali inayopokea Medikea ikupime na kukutuliza hali ya dharura kabla ya habari za malipo, uwe na bima au huna, uwe na karatasi au huna. Haisemi kwamba bili haitakuja. Itakuja, na ndipo unapoenda dirisha la msaada wa kifedha, mapema, ukiwa na hati ya mshahara na mkataba wa nyumba. Kaunti ya Dallas ina Parkland, Fort Worth wana JPS, Houston wana Harris Health yenye hospitali ya Ben Taub, na zote zina mpango wa kupunguzia wakazi wa kaunti zao wenye kipato kidogo. Kwa wa Vickery Meadow, iliyo karibu kwa miguu au kwa gari la dakika chache ni Texas Health Presbyterian pale Walnut Hill. Kwa kidole cha namna hii karibu ni bora kuliko rahisi. Kliniki za kando ya maduka hazina daktari wa mkono wala chumba cha upasuaji, na hata zikikuona vizuri zitakutuma hospitali tu.

Mama alilala hospitalini siku nne. Sehemu iliyobaki ndiyo ndefu, na watu huidharau. Baada ya siku chache tu walianza kumfanyisha mazoezi ya kukunja na kunyoosha, kidole kikiwa bado na bandeji, kwa sababu kano ikiachwa itulie itashikamana na ala. Inauma. Alilia mara ya kwanza, akamwambia mtaalamu wa mazoezi kwamba anamtesa. Alikosa miadi miwili kwa sababu ya zamu za kazi, na kila alipokosa kidole kilirudi nyuma. Ilibidi daktari amwandikie barua kwa mwajiri kwamba anahitaji kazi nyepesi, bila maji na bila kukamua, kwa wiki sita. Barua hiyo usione haya kuiomba kabla hujatoka wodini. Ukishafika nyumbani kuipata ni simu kumi.

Nilimwona tena baada ya miezi mitatu. Anakunja ngumi, ila ncha ya kile cha kati haigusi kiganja, inabaki nafasi ya unene wa penseli. Anashika mwiko, anafunga vifungo, kukamua kitambaa bado ni kwa mkono wa kushoto. Daktari alimwambia nafasi ile huenda ikapungua kidogo akiendelea na mazoezi, na huenda isiishe. Sato bado anasafisha, ila sasa mapezi anayakata kwanza kwa mkasi, na mkono wa kulia umevaa glavu nene za bustani. Binti yake anamcheka.